Mauzo milioni 6, benki milioni 4: jinsi ya kuisoma ripoti ya malipo ya kadi

"Shikamoo. Nina kampuni ndogo ya kutembeza wageni hapa Moshi. Tunawapeleka Materuni, Chemka na Marangu, na wengi wanalipa kwa kadi kwenye tovuti yetu. Wiki ya Saba Saba, yaani Jumatatu tarehe 7 hadi Jumapili tarehe 13 Julai 2025, dashibodi ilionyesha mauzo ya shilingi 6,000,000. Mkataba unasema makato ni asilimia 3.5, kwa hiyo nilitegemea 5,790,000. Benki imeingia 4,222,230. Nimeambatanisha ripoti na mkataba, ila zile safu sizielewi. Je, wananiibia?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeipitia ripoti mstari kwa mstari, na mkataba pia nimeusoma. Hujaibiwa. Tofauti kati ya mauzo uliyoyaona na pesa iliyoingia ni 1,777,770, na kila shilingi yake ina maelezo. Shida ni kwamba maelezo hayo si ya aina moja, na wengi hukwama hapohapo: tofauti yote wanaiita makato, kisha wanaiandika kwenye vitabu kama gharama. Katika hiyo 1,777,770, pesa iliyokwenda kabisa ni 247,770 tu. Nyingine 480,000 ni ya wageni walioghairi. Kuna 550,000 ambayo ni mali yenu, ila imeshikiliwa. Na 500,000 iliyobaki ni mauzo mliyokwisha kulipwa pamoja na ya wiki iliyotangulia: pesa yake, ikiwa imetolewa makato na sehemu inayoshikiliwa, ipo kwenye akaunti yenu tangu Jumatano tarehe 9.

Nianze na hiyo 500,000 kwa sababu ndiyo inayovuruga hesabu kabla hata hujafika kwenye makato.

Dashibodi inakuonyesha mauzo kwa saa za Tanzania. Fungu la malipo, yaani yale mauzo ambayo kampuni ya malipo inayakusanya na kukulipa kwa mkupuo mmoja, linafungwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mkataba wako unasema fungu linafungwa Jumapili saa 6 usiku UTC, na kwetu huku hiyo ni Jumatatu saa 9 usiku. Sasa angalia mauzo yako mawili ya kwanza ya wiki ile, 250,000 kila moja. Yamefanyika Jumatatu tarehe 7 Julai, moja saa 7 na dakika 10 usiku, la pili dakika chache kabla ya saa 8. Ni wageni wa Marekani, na kwao, upande wa New York, ilikuwa bado Jumapili jioni, muda ambao watu wamekaa nyumbani wanapanga safari zao. Kwenye dashibodi mauzo hayo ni ya tarehe 7. Kwenye hesabu ya kampuni ya malipo ni ya tarehe 6, kwa hiyo yaliingia kwenye fungu la wiki iliyotangulia. Fungu hilo lililipwa Jumatano tarehe 9 badala ya Jumanne, kwa sababu Jumatatu ilikuwa sikukuu na mkataba unahesabu siku 2 za kazi.

Ndiyo maana ukilinganisha mauzo ya wiki na pesa ya wiki huwezi kupata jibu linalokaa sawa, hata kama kampuni ya malipo ni waaminifu kiasi gani. Wiki moja itaonekana imepungua, nyingine itaonekana imezidi, na ukiwa na wateja wengi wa Amerika jambo hili litajirudia kila Jumatatu. Usilinganishe kwa tarehe. Linganisha kwa fungu. Kila mstari kwenye ripoti una namba ya fungu, na namba hiyohiyo, au sehemu yake, huonekana kwenye maelezo ya muamala kwenye taarifa yako ya benki. Ripoti yako inaiita `settlement_id`. Kampuni nyingine huiita `payout_id` au `batch`. Hiyo ndiyo kamba inayounganisha mauzo na benki, na ukiishika hiyo hutahitaji kubahatisha.

Jambo jingine kuhusu ripoti yenyewe: ulinitumia faili mbili. Ile ya PDF ya ukurasa mmoja ni muhtasari tu, haiwezi kukusaidia kuhakiki chochote. Ile ya CSV yenye mistari 20 ndiyo ripoti. Ukiifungua kwa Excel, usiibonyeze mara mbili na kuihifadhi hivyohivyo. Namba ndefu za muamala Excel huzigeuza kuwa kitu kama `4.51E+17`, na tarakimu zinazozidi 15 huzifanya sifuri, na baada ya hapo huwezi tena kuzitafuta. Iingize kupitia menyu ya `Data`, na safu ya namba ya muamala uitaje kuwa `Text`.

Hii hapa ni mistari mitatu kutoka kwenye ripoti yako. Nimeacha safu ambazo hatuzihitaji:

```
type,gross,fee,vat,net,settlement_id
SALE,350000,12750,2295,334955,ST-0715
REFUND,-480000,0,0,-480000,ST-0715
RESERVE_HOLD,-550000,0,0,-550000,ST-0715
```

Safu ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu inakuambia mstari ni wa nini. Wengi huanza kwa kujumlisha safu ya `net`, yaani kinachobaki baada ya makato, wanapata namba ya mwisho, wanaridhika au wanashtuka. Wewe anza na `type`. Chuja mauzo peke yake, `SALE`. Utapata mistari 18 yenye jumla ya `gross`, yaani kiasi kabla ya makato, 5,500,000. Hiyo ndiyo milioni 6 yako ukitoa ile 500,000 ya usiku wa kuamkia Jumatatu. Kutoka hapa kwenda mbele, mauzo tunayoyazungumzia ni 5,500,000.

Sasa makato. Tuchukue ule mstari wa 350,000. Asilimia 3.5 ya 350,000 ni 12,250, lakini safu ya `fee` inasema 12,750. Hiyo 500 iliyozidi ipo kwenye mkataba, kiambatisho cha bei, chini ya jedwali: kila muamala unaofanikiwa unalipiwa shilingi 500 juu ya asilimia. Kisha juu ya makato yote kuna VAT ya asilimia 18, kwa sababu kampuni ya malipo inakuuzia huduma kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Asilimia 18 ya 12,750 ni 2,295. Kwa hiyo kwenye mauzo hayo ya 350,000 umekatwa 15,045, umebaki na 334,955.

Ukifanya hivyo kwa mistari yote 18, asilimia inatoa 192,500, zile 500 zinatoa 9,000, na VAT yake 36,270. Jumla 237,770. Igawanye kwa 5,500,000 utaona kwamba makato yako halisi ni karibu asilimia 4.3, wala si 3.5. Bei ya safari ipange kwa 4.3. Kwa safari ndogo ni zaidi: mgeni anayelipia ziara ya kahawa ya 30,000 peke yake anakugharimu 1,550 na VAT yake, jumla 1,829, yaani asilimia 6. Kwa hiyo wageni wanne wanaokuja pamoja ni afadhali walipe kwa muamala mmoja.

Kama kampuni yenu imesajiliwa VAT, ile 36,270 mnaweza kuidai kama kodi ya manunuzi, mradi kampuni ya malipo iwape risiti ya EFD ya makato yao. Mstari kwenye CSV si risiti. Iombeni kila mwezi, msisubiri mwisho wa mwaka. Kama hamjasajiliwa, basi 36,270 ni gharama kama makato mengine.

Halafu kuna mstari wa `REFUND`, na huu ndio ulionifanya nikuombe na ripoti yako ya Juni. Wale wageni wawili waliolipia 480,000 tarehe 19 Juni wakaghairi, na wewe ukawarudishia pesa tarehe 10 Julai kwa kubonyeza kitufe kwenye dashibodi. Kampuni ya malipo haikwenda kuichukua pesa hiyo kwenye fungu la Juni, kwa sababu fungu la Juni lilishafungwa na kulipwa. Iliichukua kwenye mauzo ya wiki hii. Kwa hiyo mauzo ya Julai yamelipia safari iliyokufa ya Juni, na kwa macho tu wiki hii inaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa.

Angalia pia safu ya `fee` kwenye mstari huo: 0. Watu wengi hudhani mauzo yakifutwa na makato hurudi. Kwenye mkataba wako hayarudi, na ndivyo ilivyo kwa kampuni nyingi siku hizi. Tarehe 19 Juni kwenye hiyo 480,000 walikata 17,300 na VAT yake 3,114, jumla 20,414. Wakashikilia na asilimia 10 ya dhamana, 48,000, nitaifikia hiyo hivi punde. Kwa hiyo pesa iliyofika benki kwa safari ile ilikuwa 411,586, lakini sasa imetoka 480,000 kamili. Ile 48,000 itarudi siku yake. Ile 20,414 hairudi. Ndiyo gharama ya mgeni kughairi, na kama masharti yenu ya kughairi yanasema "tunarudisha pesa yote", ninyi ndio mnaoilipa. Ningekushauri masharti yaseme wazi kwamba gharama za malipo ya kadi hazirudishwi, na mgeni aone maneno hayo kabla hajalipa, si baada.

Wiki ambayo marejesho yatazidi mauzo, benki haitaingia kitu. Utaona fungu lenye `net` ya hasi, na fungu linalofuata litaanza kwa kulipa deni hilo kabla ya kukupa chochote. Mkiwa na msimu mdogo, Aprili na Mei wakati wa masika, jambo hili linaweza kuwakuta hata kwa kikundi kimoja tu kilichoghairi. Ndiyo maana kikundi kikubwa kikitaka kurudishiwa pesa, angalia kwanza salio lililopo kwenye mfumo.

Sasa hiyo dhamana, ambayo naona ndiyo iliyokuumiza zaidi na ndiyo usiyoambiwa vizuri wakati wa kusaini.

Mstari wa `RESERVE_HOLD` unasema -550,000. Ni asilimia 10 ya 5,500,000. Kifungu kiko kwenye mkataba wako, kurasa kadhaa baada ya jedwali la bei: kampuni ya malipo inashikilia asilimia 10 ya mauzo ya kila fungu kwa siku 180, kisha inaiachia. Haijakatwa. Ni pesa yenu iliyo mikononi mwao.

Kwa nini wanashikilia? Kwa sababu ya aina ya biashara yenu. Mgeni analipa leo, safari inaweza kuwa baada ya miezi mitatu. Ikitokea safari haikufanyika, mgeni anakwenda kwenye benki yake huko kwao na kuyapinga malipo. Kwa kadi za Visa, mteja anayesema hakupata huduma kwa kawaida ana siku 120, na siku hizo huanza kuhesabiwa kutoka siku aliyotarajia kupata huduma, hazianzi siku aliyolipa. Benki yake ikikubaliana naye, pesa inachukuliwa kutoka kwa kampuni ya malipo, na kampuni ya malipo inakufuata wewe. Kama wewe umeshafunga ofisi na kuhama, hasara ni yao. Duka linalouza viatu na kumkabidhi mteja siku hiyohiyo haliwatii hofu hiyo. Kampuni ya safari, hoteli na waandaaji wa matamasha wanaitia. Kwa hiyo hawajakuonea wewe binafsi. Lakini ukiona mtu anakuuzia mfumo wa malipo na hakutaji dhamana kabla hujaiuliza, muulize mwenyewe: asilimia ngapi, siku ngapi, na inahesabiwa juu ya `gross` au juu ya `net`.

Ninataka uifuatilie dhamana hii moja, hii ya 550,000, mpaka mwisho wake, ili uone inavyotembea. Imeshikiliwa siku fungu lilipolipwa, Jumanne tarehe 15 Julai 2025. Siku 180 kutoka hapo zinaishia Jumapili tarehe 11 Januari 2026. Itaingia kwenye fungu linalofungwa siku hiyo, na kwa siku 2 za kazi ungetegemea Jumanne. Ila Jumatatu tarehe 12 ni Sikukuu ya Mapinduzi, kwa hiyo tegemea Jumatano tarehe 14. Siku hiyo kwenye ripoti utaona mstari wa `RESERVE_RELEASE` wenye 550,000 chanya. Mkataba wenu ulianza Mei, kwa hiyo mistari ya kwanza ya kuachiwa itaanza kuonekana Novemba. Mpaka sasa hujawahi kuona hata mmoja, na ndiyo maana unahisi pesa inaingia shimoni.

Mpaka Novemba hali itaonekana hivyohivyo. Mkiuza wastani wa 5,500,000 kwa wiki, ikifika hapo mtakuwa na mafungu kama 26 yaliyoshikiliwa, na hiyo ni karibu milioni 14.3 ya kwenu iliyo nje. Baada ya hapo kila wiki wanashikilia ya wiki hii na kuachia ya miezi sita iliyopita, na mtiririko unatulia. Tena mtanufaika na msimu: pesa iliyoshikiliwa Julai na Agosti, wageni wakiwa wengi, itarudi kati ya Januari na Februari, na ile ya Oktoba itaangukia Aprili, masika, wakati ofisi haina kazi na mishahara ya waongozaji bado ipo. Kuna wiki za masika ambazo benki itaingia zaidi ya mauzo. Usidhani wamekosea wakakuzidishia.

Kwa sababu hiyo fungua karatasi moja ya pembeni, kwenye Excel au hata daftari, ya dhamana peke yake: namba ya fungu, kiasi kilichoshikiliwa, tarehe kilipaswa kuachiwa, tarehe kilipoachiwa kweli. Mistari mingine ya ripoti hujisahihisha au hujulikana ndani ya wiki. Dhamana ndiyo pekee inayoweza kusahaulika, kwa sababu miezi sita ni mirefu, mtu aliyekuwa akishughulikia akaunti yenu anaweza kuwa ameondoka, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha.

Sasa tujumlishe. Mauzo 5,500,000, toa makato na VAT 237,770, toa marejesho 480,000, toa dhamana 550,000. Inabaki 4,232,230, na hiyo ndiyo jumla ya safu ya `net` kwenye ripoti. Benki iliingia 4,222,230. Pungufu ya 10,000 haimo kwenye ripoti kabisa, kwa sababu ni gharama ya kuhamisha pesa kwenda benki, nayo imekatwa njiani. Ipo kwenye jedwali la bei. Kwa kuwa inatozwa kwa kila uhamisho na si kwa kila muamala, usikubali wakikushawishi ulipwe kila siku badala ya kila wiki, isipokuwa kama kweli unaihitaji pesa hiyo haraka.

Kama unataka Excel ikufanyie hesabu, ukipanga safu kama nilivyozipanga hapo juu kuanzia A mpaka F, fomula hii inakupa jumla ya aina moja ya mstari kwa fungu moja:

```
=SUMIFS(E:E,A:A,"REFUND",F:F,"ST-0715")
```

Badilisha `REFUND` kwa `SALE`, `RESERVE_HOLD` na `RESERVE_RELEASE`, upate namba nne. Zijumlishe, toa gharama ya uhamisho, na jibu liwe sawa na benki. Likitofautiana kwa shilingi mbili tatu, ni kule kukadiria senti kwenye kila mstari, liache. Likitofautiana kwa mia au elfu, usiliache.

Kwenye vitabu, mhasibu wenu asiandike mauzo ya 4,222,230. Nimeona kampuni zaidi ya moja hapa Arusha zikifanya hivyo mwaka mzima: kila pesa ya benki inaandikwa kama mauzo, na makato hayaandikwi popote. Risiti za EFD walizotoa kwa wageni zinasema namba moja, vitabu vinasema nyingine ndogo zaidi, na TRA wakilinganisha hawaulizi habari za mfumo wa malipo, wanaona mauzo yaliyofichwa. Kwenu andikeni hivi: mauzo ya fungu ni 5,500,000. Makato ya 201,500 na ile 10,000 ya uhamisho ni gharama. VAT ya 36,270 ni kodi ya kudai au gharama, kutegemea usajili wenu. Marejesho ya 480,000 yanapunguza mauzo, si gharama. Na dhamana ya 550,000 ni deni mnalodai, linakaa kwenye mali za kampuni mpaka Januari. Vyote hivyo pamoja na 4,222,230 ya benki vinarudi 5,500,000 kamili.

Umeuliza kuhusu wizi, na sitaki uondoke ukidhani haiwezekani kamwe kukatwa isivyo haki. Inawezekana, mara nyingi kwa uzembe wa kuweka viwango kuliko kwa nia mbaya, na ripoti hiihii ndiyo inayoonyesha. Tengeneza safu mpya: chukua `fee` ya kila mauzo, toa 500, gawanya kwa `gross`. Kila mstari utoe 0.035. Yako yote 18 yanatoa hivyo, ndiyo maana nimesema hujaibiwa. Lakini mkataba wako una kiwango cha chini, asilimia 2.5, kwa malipo ya simu kama M-Pesa, na bado hamjaanza kuyapokea. Siku mtakapoanza, panga mistari kwa aina ya malipo na uangalie kama ya simu yanatoa 0.025. Nimewahi kukuta kampuni ya utalii ikikatwa kiwango cha kadi kwenye malipo ya simu kwa miezi kadhaa, kwa sababu tu akaunti yao ilifunguliwa kwa kiwango kimoja na hakuna aliyerudi kuweka cha pili. Walirudishiwa tofauti, baada ya kupeleka orodha ya mistari, namba ya muamala kwa kila mmoja, na nakala ya ukurasa wa bei. Malalamiko ya "pesa yangu ni ndogo" hayakuwa yamejibiwa kwa wiki nyingi. Orodha ilijibiwa.

Kitu kingine cha kukitilia shaka ni mstari wa aina usiyoijua. Leo ripoti yako ina aina tatu tu. Siku ukiona `CHARGEBACK`, ujue mgeni ameyapinga malipo kwenye benki yake. Pesa yote ya mauzo hayo imetolewa, na kwa kawaida kuna ada ya kushughulikia pingamizi juu yake. Usisubiri mwisho wa mwezi. Muda wa kujibu ni mfupi, umeandikwa kwenye barua pepe watakayokutumia, na ukipita bila jibu umeshindwa hata kama mgeni alikuja, akaoga Chemka na kupiga picha. Kwa ajili hiyo anza leo kuhifadhi, kwa kila safari, fomu ambayo mgeni ameisaini siku ya kuondoka, masharti ya kughairi aliyoyakubali, na mawasiliano yenu. Siku ya pingamizi hutakuwa na muda wa kuvitafuta. Ukiona mstari mwingine wowote, labda `ADJUSTMENT` usio na maelezo, andika barua pepe siku hiyohiyo ukitaja namba ya fungu na uulize unahusu muamala gani. Marekebisho halali kwa kawaida yana muamala au maelezo nyuma yake.

Mwisho, kuhusu ile asilimia 10. Inaweza kujadiliwa, ila si sasa. Subiri Novemba, mtakapokuwa na miezi sita ya mauzo. Wakati huo kampuni ya malipo itakuwa na historia yenu: pingamizi ngapi, marejesho asilimia ngapi ya mauzo, na wastani wa siku kati ya malipo na safari. Hilo la mwisho ndilo turufu yenu. Safari zenu nyingi ni za siku moja, na wageni wengi, kwa tarehe nilizoziona kwenye ripoti, wanalipa wiki mbili au tatu kabla. Hatari yenu ni ndogo kuliko ya kampuni inayochukua malipo ya kupanda Kilimanjaro miezi minane mapema, lakini mmewekwa kapu moja nao kwa sababu fomu ya usajili ilikuwa na neno moja tu la "utalii". Waandikieni mkiomba asilimia 5, au siku 90 badala ya 180, na muambatanishe orodha yenye safu mbili: tarehe ya malipo na tarehe ya safari, kwa wageni wote tangu Mei. Wakikataa yote mawili, waombe angalau dhamana ihesabiwe kuanzia siku ya malipo ya mgeni na si siku ya kulipa fungu. Kwenu hiyo ni pesa kufika siku kadhaa mapema kila wiki, na kwao ni ombi dogo ambalo meneja wa akaunti anaweza kulipitisha bila kupeleka makao makuu.